Faili Lililopendeza na Jaribio Lililodanganya

Kazi hii niliipewa kwa sababu nilichelewa kikaoni. Wakufunzi wenzangu walikuwa wamekwishagawana majukumu, na lililobaki ni la kuandika mwongozo wa usahihishaji wa mradi wa kuhitimu, ule ambao walimu tarajali wa mwaka wa mwisho huufanya wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Pamoja na mwongozo ilitakiwa pia kurasa mbili tatu za mantiki, yaani maelezo ya kwa nini mradi huu uwepo, unapima nini, na kwa nini upimwe hivyo. Nilianza na mwongozo, nikauacha waraka wa mantiki mpaka usiku wa mwisho. Nilidhani ni maneno ya kupamba jalada tu.

Mradi wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Mwalimu tarajali anachagua jambo moja linalowatatiza wanafunzi wake, anawapa jaribio la awali, anafundisha vipindi vitatu kulishughulikia, kisha anawapa jaribio la mwisho na kuandika ripoti. Msimamizi humtembelea darasani katika kipindi kimojawapo. Mwishoni kuna mahojiano ya ana kwa ana ya dakika kumi na tano.

Mwongozo wangu wa kwanza ulikuwa na alama 100. Andalio la somo 15, zana 15, ubunifu 10, lugha na mpangilio wa faili 15, uwasilishaji darasani 20, ongezeko la ufaulu wa wanafunzi 15, tafakuri 10. Kila kipengele kilikuwa na ngazi zake: vizuri sana, vizuri, wastani, hafifu. Niliuona umekamilika. Kikao kilichoupitisha hakikuchukua hata nusu saa, nami sasa ningeichukulia hiyo kuwa dalili mbaya. Mwongozo usiozua ubishi huwa haujasema kitu ambacho mtu anaweza kukipinga.

Kilichonifungua macho ni mafaili mawili yaliyoandikwa juu ya mada moja, kulinganisha desimali.

La kwanza lilikuwa faili ambalo ungependa kulionyesha kwa wageni. Limepigwa chapa, lina yaliyomo, lina grafu ya pau yenye rangi. Wastani wa jaribio la awali ulikuwa 3 kati ya 10. Wa jaribio la mwisho ulikuwa 8 kati ya 10. Nililipa alama 83, na nakumbuka niliandika pembeni "kazi ya mfano."

La pili liliandikwa kwa mkono, kurasa zimepinda, jedwali moja limefutwa na kuchorwa upya kwa kalamu ya rangi nyingine. Wastani ulitoka 6 ukafika kama 7 na nusu. Ongezeko dogo, zana za kawaida, mpangilio wa kubahatisha. Nilimpa mwandishi wake 57, nikaona nimemwonea huruma.

Mafaili yote mawili yalipitia kwa msahihishaji wa pili, mzee wetu wa Hisabati ambaye alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Aliniita ofisini kwake. "Mdogo wangu," aliniambia, "kaa hapa ufanye mtihani." Akanisogezea jaribio la awali la lile faili zuri. "Ila sharti moja. Jibu kama mtoto anayeamini kwamba namba yenye tarakimu nyingi baada ya nukta ndiyo kubwa."

Swali la kwanza lilitaka nichague iliyo kubwa kati ya 0.5 na 0.45. Kwa imani ya mtoto yule, 45 ni kubwa kuliko 5, kwa hiyo nikachagua 0.45. Kosa. La pili lilikuwa 0.7 na 0.62, nikachagua 0.62. Kosa tena. Maswali yote kumi yalikuwa ya namna hiyo, na nikapata sifuri.

Kisha akanipa jaribio la mwisho, kwa sharti lilelile. 0.75 na 0.5. Nikachagua 0.75, kwa sababu 75 ni kubwa kuliko 5. Sahihi. 0.82 na 0.6, sahihi. 0.34 na 0.2, sahihi. Nikapata kumi kwa kumi bila kujifunza chochote, nikiwa bado na imani ileile potofu kichwani.

Kwa walimu wa Hisabati si jambo geni. Mtoto aliyezoea namba nzima huihamishia kanuni yake kwenye desimali, akaona urefu ndio ukubwa. Wapo na wa upande wa pili, ambao wamesikia kwamba sehemu ya kumi ni kubwa kuliko sehemu ya mia, wakahitimisha kwamba desimali fupi daima ni kubwa. Hao wangeanza na kumi na kumalizia na sifuri. Kwa hiyo ile grafu nzuri haikuwa imepima kufundisha. Ilipima mabadiliko ya maswali. Sidhani kijana yule alidanganya kwa makusudi. Alitunga jaribio la pili bila kujiuliza linamnasa nani, na mwongozo wangu haukumdai ajiulize.

Tukarudi kwenye faili lililopinda. Mwandishi wake, binti mkimya ambaye darasani ungeweza kumsahau, alikuwa amechanganya maswali ya aina zote mbili katika kila jaribio, matano kwa matano, na hakuhesabu jumla peke yake. Aliandika kila mwanafunzi amekosa maswali ya aina gani. Katika wanafunzi wake 38, mwanzoni 21 walikuwa wanafuata urefu, 6 wanafuata ufupi, 8 walipatia aina zote mbili, na 3 hawakuwa na mwelekeo unaosomeka. Baada ya vipindi vitatu waliofuata urefu walibaki 9, waliopatia aina zote walifika 19, wale 3 walibaki 3. Waliofuata ufupi wakawa 7. Wameongezeka kwa mmoja.

Na chini ya jedwali, kwa mwandiko uliobanana, alikuwa ameandika kwamba huyo mmoja huenda amezalishwa na yeye mwenyewe, kwa kuwa katika kipindi cha pili alirudiarudia kwamba sehemu za kumi ni kubwa kuliko sehemu za mia bila kuonyesha kwamba idadi ya sehemu hizo nayo ina neno.

Mwalimu mzoefu angejivunia sentensi hiyo. Mimi niliipa alama 6 kati ya 10 chini ya "tafakuri," kwa sababu ilikuwa fupi.

Matokeo yalikuwa yamekwishatangazwa. Hatukuyabadilisha, na sioni kama tungekuwa na haki ya kuyabadilisha: watu walifanya kazi kwa kufuata mwongozo waliopewa, na huwezi kumhukumu mtu kwa kanuni uliyoiandika baada ya yeye kumaliza. Kijana alihitimu na 83 zake, binti na 57 zake. Nilichoweza kufanya ni kuuandika upya waraka wote kwa ajili ya waliofuata, safari hii kuanzia kwenye mantiki.

Nilianza na sentensi moja, nayo ilinichukua siku tatu. Nilijiuliza: tunapotia saini kwamba mtu huyu amefaulu mradi, tunamwambia nani nini? Majibu ya awali yalikuwa ya kuning'inia hewani, kama "mwalimu mahiri mwenye ubunifu." Mwishowe ikatoka hivi: mwalimu huyu anaweza, bila kushikwa mkono, kugundua wanafunzi wake wameelewa nini vibaya, kufundisha kwa kulenga kosa hilo, na kusoma matokeo kwa uaminifu ili aamue hatua inayofuata. Basi. Sentensi hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa mlinzi wa mlangoni. Kipengele chochote cha usahihishaji kilichotaka kuingia kilipaswa kuonyesha kinahusiana nayo vipi.

Daktari mmoja Mmarekani, George Miller, mwaka 1990 alipanga upimaji wa madaktari katika ngazi nne: mtu anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha anavyofanya, na mwisho kabisa anafanya akiwa kazini. Niliiazima ngazi hiyo kwenye waraka kwa sababu inasaidia kueleza kwa nini mtihani wa maandishi hautoshi. Mtihani hufika ngazi ya pili. Msimamizi anapoketi nyuma ya darasa anaiona ya tatu, maana anayejua anatazamwa huonyesha. Ya nne tunaweza kuikaribia tu kupitia mabaki ya kazi ya kila siku: karatasi za wanafunzi, andalio lililofutwafutwa katikati ya wiki, uamuzi uliobadilishwa. Ndiyo maana mradi unadai mabaki hayo. Ukiacha kuyadai, unabaki na insha kuhusu kufundisha.

Swali lililofuata ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko mengine yote, na kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kutoka kwenye kurasa zangu ni hili. Kwa kila kipengele niliuliza: nani anaweza kuleta ushahidi huu bila kuwa na umahiri tunaoudai? Tulilibatiza jaribio la mjanja.

Zana 15 zikaanguka mara moja. Zana nzuri huazimwa, au huchorwa na mtu mwingine. Mpangilio wa faili uliwapendelea wenye kompyuta na muda. Ubunifu ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hatukuweza kukubaliana ni nini. Msahihishaji mmoja aliuona kwenye wimbo, mwingine kwenye kadi za rangi, na hakuna aliyeuona kwenye jedwali la binti yule, lililokuwa kitu cha kibunifu kuliko vyote katika mafaili ya mwaka ule.

Ongezeko la ufaulu ndilo lililoleta ubishi. Wenzangu kadhaa waliona ajabu kwamba mradi wa kufundisha usitoe alama kwa wanafunzi kufaulu zaidi. Nawaelewa. Lakini niliandika sababu zangu kwenye waraka wa mantiki, na nikakataa zipunguzwe. Madarasa hayalingani, kwa hiyo ongezeko la 2 mahali pamoja ni kazi kubwa kuliko ongezeko la 5 mahali pengine. Jaribio linatungwa na yuleyule atakayenufaika na matokeo yake. Na watoto waliopata alama za chini kabisa jaribio la awali, wengi wao watapanda kidogo hata usipofundisha, kwa kuwa baadhi walianguka kwa homa, usingizi au kutoelewa maelekezo siku ile. Hata hivyo kilichonisukuma zaidi ni kingine. Ukilipa alama 15 kwa ongezeko, unamlipa binti yule asiandike sentensi yake. Tulitaka watu wasome matokeo kwa uaminifu huku tukiwakata alama wakifanya hivyo.

Kwa hiyo hatupimi wanafunzi wamepanda kiasi gani. Tunapima mwalimu ameyasoma vipi mabadiliko, yawe makubwa, madogo au hakuna. Somo lililoshindwa likasomwa vizuri linaweza kupata alama za juu. Kuna mkufunzi ambaye hadi leo hakubaliani na hili, naye si mjinga.

Waraka ukamalizia na yale ambayo mradi haupimi. Vipindi vitatu kwenye mada moja havisemi lolote kuhusu nidhamu ya darasa kwa muhula mzima, au kuhusu kuzungumza na mzazi mwenye hasira. Hayo yanabaki kwenye ukaguzi wa mafunzo kwa vitendo. Aya hiyo ilinisaidia kuwajibu waliotaka kuongeza kipengele cha unadhifu wa mwalimu. Niliwaonyesha tu ukurasa.

Baada ya hapo mwongozo ulijiandika kwa urahisi wa kushangaza. Vipengele vitano: kutambua kosa, kufundisha kwa kulilenga, usahihi wa maudhui, kusoma ushahidi, na mawasiliano. Kila kimoja kina ngazi 1 hadi 4, na 0 kwa ambaye hakuleta kitu. Ngazi inazidishwa kwa uzito: 6 kwa viwili vya mwanzo, 5 kwa viwili vinavyofuata, 3 kwa mawasiliano. Jumla ya uzito ni 25, kwa hiyo aliye ngazi ya 4 kila mahali ana 100, na aliye ngazi ya 2 kila mahali ana 50, ambayo ndiyo alama ya kufaulu. Nilichagua ngazi nne kwa makusudi. Zikiwa tano, msahihishaji aliyechoka hujificha kwenye ya tatu.

Ngazi ya 2 niliiandika kwanza, kabla ya nyingine zote. Hapo ndipo mtu anapofaulu au kuanguka, na hapo ndipo maneno yanapaswa kuwa makali. Mwanzoni nilikuwa nimeanza na ngazi ya juu, nikaijaza sifa za malaika, kisha nikashuka kwa kubadilisha vielezi tu, "kwa kina" ikawa "kwa kiasi," "kwa kiasi" ikawa "kidogo." Vielezi havipimi kitu. Kina cha mmoja ni kiasi cha mwingine.

Kipengele cha kusoma ushahidi kikawa hivi. Ngazi ya 2: anaonyesha, kwa kutumia kazi za wanafunzi kadhaa, nani amebadilika na nani hajabadilika, na hatua anayopendekeza inahusiana na hilo. Ngazi ya 1 ni ya anayetaja wastani au asilimia peke yake, au anayetoa hitimisho ambalo karatasi za wanafunzi hazilibebi. Ngazi ya 3 anatenganisha aina za makosa yaliyobaki na kupendekeza hatua tofauti kwa kila kundi. Ngazi ya 4 anafanya hayo, na zaidi ya hayo anachunguza kama jaribio lake au ufundishaji wake ungeweza kuzaa matokeo yaleyale kwa sababu nyingine.

Kwa udadisi tu niliyarudia mafaili yale mawili. Binti: ngazi ya 4 kwenye kutambua, 2 kwenye kufundisha kwa sababu ya kile kipindi cha pili, 3 kwenye maudhui, 4 kwenye ushahidi, 2 kwenye mawasiliano. Jumla 77. Kijana: 2, 2, 3, 1 na 4. Jumla 56. Kwa hesabu tupu bado angefaulu, na hapo ndipo nilipoona tundu.

Hesabu ya kujumlisha huruhusu jambo moja lifidie lingine. Kuna mahali fidia inafaa. Mwandiko mbaya unaweza kufidiwa na uchambuzi mzuri. Lakini mwaka uliopita tulikuwa tumempitisha mtu aliyewafundisha watoto kwamba ukizidisha kwa 10 unaongeza sifuri mwishoni, akaandika ubaoni 2.5 × 10 = 2.50. Alikuwa na sauti nzuri, zana nzuri na darasa lililochangamka. Chini ya mwongozo mpya angeweza kupata ngazi ya 3 kila mahali na 1 kwenye maudhui, jumla 65. Darasa zima lingebaki na kosa ambalo mwalimu wa mwaka unaofuata angelifukua kwa jembe. Kwa hiyo tukaweka sharti: usahihi wa maudhui na usomaji wa ushahidi, kila kimoja kisiwe chini ya ngazi ya 2, jumla iwe ngapi iwavyo. Asiyefika anarudia sehemu hiyo, si mradi mzima.

Nilidhani tumemaliza. Kisha tukajaribu.

Tulichukua miradi mitatu ya zamani, tukaondoa majina, na wasahihishaji sita tukaisahihisha kila mtu kivyake, bila kuzungumza. Sharti lilikuwa kwamba kila ngazi unayotoa uandike ukurasa wa faili unaoithibitisha. Kwenye mwongozo wa zamani faili la binti lilikuwa limeyumba kutoka 48 hadi 69 kutegemea nani kalishika. Sasa mwanya ulipungua, lakini kipengele cha kusoma ushahidi kilibaki na wasahihishaji wawili waliotoa ngazi ya 1 pale ambapo wengine walitoa 3. Desturi yetu ya zamani ingekuwa kutafuta katikati, wote waandike 2, chai iletwe. Badala yake tuliuliza kila mmoja alisoma nini. Ikagundulika ni neno "kadhaa." Kwa mmoja kadhaa ilikuwa wawili, kwa mwingine si chini ya kumi. Kosa lilikuwa langu, mwandishi. Tukalifuta, tukaandika: angalau wanafunzi watatu, na mmoja wao awe ambaye hakubadilika.

Tangu hapo kikao cha kusawazisha usahihishaji kina kanuni moja ninayoilinda kwa wivu: tofauti ya ngazi mbili hurekebishwa kwenye maneno ya mwongozo kwanza, kabla ya kumgeukia msahihishaji. Na wakati wa kazi yenyewe, wasahihishaji wawili wakipishana zaidi ya alama 10, au mmoja akimfaulisha mtu ambaye mwingine amemwangusha, faili linakwenda kwa wa tatu ambaye haonyeshwi alama za wenzake.

Jambo jingine lilitoka kwa mkufunzi wa saikolojia. Alitukumbusha kwamba Edward Thorndike alionyesha mwaka 1920 jinsi mpimaji akishampenda mtu kwa sifa moja humpandishia na sifa zisizohusiana nayo. Ndivyo nilivyofanya na ile grafu ya rangi. Dawa aliyopendekeza ilikuwa kusahihisha kipengele kimoja kwenye mafaili yote kabla ya kuhamia kingine, na mawasiliano yawe ya mwisho. Inafanya kazi, ila inachosha. Ukiwa na mafaili ishirini mezani unayafungua na kuyafunga mara mia. Wengine tumeishia kuyapanga matanomatano, na sijifanyi kwamba ni sawa na kuyapitia yote.

Mwongozo mpya tuliwapa walimu tarajali mapema, siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo, pamoja na waraka wa mantiki. Tuliwataka pia walete karatasi halisi za wanafunzi sita, majina yamefunikwa, baada ya kukuta katika faili moja watoto thelathini wenye mwandiko wa mtu mmoja.

Kuwapa mapema kulileta tatizo ambalo sikulitarajia. Karibu kila ripoti ya mwaka ule ilimalizia na sentensi ya aina moja: huenda jaribio langu lilikuwa na kasoro zilizoathiri matokeo. Kasoro zipi? Hazikutajwa. Walikuwa wamesoma ngazi ya 4 na kuirudisha kama ilivyo, kama mtoto anayerudisha salamu. Nililipitisha tamko hilo kwenye jaribio la mjanja, likaanguka papo hapo. Ngazi ya 4 ikaandikwa upya: aweke swali lake mwenyewe mbele, na aonyeshe mwanafunzi mwenye kosa alilolitambua angelijibu vipi.

Na kwenye mahojiano tukaongeza swali la lazima, lile la mzee. Mwanafunzi anayeamini kosa hili, kwenye jaribio lako la mwisho angepata ngapi?

Mara ya kwanza kuliuliza nilikuwa na kijana aliyefundisha mada hiyohiyo ya desimali. Ripoti yake ilikuwa na wastani uliopanda vizuri na sentensi ya unyenyekevu wa kukariri. Alitaka kujibu haraka, akasita. Akaomba kalamu. Akaivuta karatasi yake ya maswali, akaanza kupitia moja moja, midomo ikicheza. Alipofika la sita mkono ukasimama.

"Mwalimu," alisema, "huyu angepata zote."

Akaendelea bila kuulizwa. Akasema maswali gani angeyabadilisha, akaandika 0.4 na 0.38 pembeni, akaeleza kwa nini lazima ziwepo jozi za aina zote mbili. Dakika kumi na tano zilikuwa zimekwisha, naye bado anaandika.

Alipotoka tulitazamana. Ripoti yake ilikuwa ngazi ya 1, hakuna ubishi. Alichokifanya mbele yetu kilikuwa ngazi ya 4. Mwongozo ulisema mahojiano ni ya kuthibitisha kwamba kazi ni ya mwandishi. Haukusema lolote kuhusu mtu anayeelewa kazi yake mwenyewe akiwa ameketi mbele ya meza yetu. Mwenzangu alitaka tumpe 3. Mimi nilisema ushahidi uliotangazwa ni faili, na mwaka ujao wote watajua kwamba mezani kuna nafasi ya pili. Tukampa 1 kwenye kipengele hicho, kwa hiyo akarudia sehemu hiyo peke yake, na ndani ya wiki moja alileta jaribio jipya ambalo sasa tunalitumia kama mfano kwenye kikao cha kusawazisha. Mstari wa mwongozo unaohusu mahojiano bado hatujaubadilisha. Tumeujadili mara nne.